Kibanda cha picha: sura ya mgeni kwenye vazi la arusi la zamani. Tufanye vipi isionekane imebandikwa?

Mwana_Kibokoni

Asalaam aleikum wanajukwaa. Jumuiya ya mtaani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, ina hafla ya jioni mbili, na mimi nimekabidhiwa kibanda cha picha. Mgeni anayetaka anaingia, anapigwa picha ya uso, anachagua templeti, kisha anatoka na karatasi ya inchi 4 kwa 6 ambayo sura yake imevaa mavazi ya kale. Rangi ni ya kahawia, kama picha za mababu ukutani.

Tumepanga templeti tatu. Ya kwanza bwana arusi: kanzu, joho, kilemba, jambia kiunoni. Ya pili bi arusi amekaa kitini. Ya tatu maarusi wawili mbele ya lango la Ngome ya Yesu, mwaka 1900.

Vijana wetu wamejaribu programu moja ya bure ya kubadilisha sura. Kazi inatoka, lakini malalamiko ni mawili. Moja, watu wanajitazama na kusema "huyu si mimi, ni binamu yangu". La pili ndilo limenikera: mabinti weusi wametoka weupe kuliko walivyo. Mama mmoja aliirudisha karatasi mezani bila kusema neno. Naomba ushauri kwa wanaojua kazi hii, na pia suala la ridhaa, maana watoto watakuwepo wengi.

kodi_na_chai

Dada, hiyo programu ya bure achana nayo. Tumia InsightFace na modeli ya `inswapper_128`. Hiyo unaipa picha moja tu ya uso, yenyewe inageuza taa, pembe, kila kitu. Leptopu ikiwa na kadi nzuri ya michoro ni sekunde chache. Ngozi ikikataa, malizia na `cv2.seamlessClone` ya OpenCV, inachanganya rangi usione mshono. Mimi nimeitumia kwa video za kuchekesha, watu walidhani ni kweli.

Papa360_Events

Kibanda ninacho, cha jukwaa la kuzunguka, taa za rangi na moshi. Nakuja hadi Mombasa. Niandikie faragha tuelewane bei.

Mwana_Kibokoni

@Papa360_Events ahsante kaka, lakini sisi hatuzunguki. Mgeni anakaa kimya kwenye stuli.

FundiTaa

Bi Mwana, nimefanya kazi ya studio miaka mingi na vibanda vya namna hii navifahamu. Kodi amesema kweli nusu. Hiyo modeli inafanya kazi, ila ina mambo matatu ambayo kwa kibanda chenu ni kizuizi.

La kwanza ni leseni. Modeli za InsightFace zimetolewa kwa utafiti usio wa biashara. Mkitoza hata shilingi hamsini ya karatasi, mmeshatoka nje ya leseni.

La pili ni ukubwa. Hiyo 128 kwenye jina lake ni pikseli: uso unaotoka ni mraba wa pikseli 128 kwa 128. Karatasi ya 4 kwa 6 inayochapwa kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 1200 kwa 1800. Mtu akisimama wima fremu nzima, kichwa chake kinachukua pikseli mia mbili hivi, kwa hiyo ulaini hauonekani sana. Lakini bi arusi wenu amekaa kitini, nusu mwili, kichwa chake ni kama pikseli mia tano. Hapo uso utakuwa na ukungu wakati ushanga na darizi vimekatika vizuri. Jicho linaliona hilo mara moja hata kama mtu hajui kusema kasoro ni nini.

La tatu ndilo jibu la yule mama. `seamlessClone` haichanganyi rangi kwa haki. Inachukua rangi ya pembezoni mwa templeti, yaani ngozi ya yule mliyempiga picha ya vazi, na kuivuta ndani ya uso wa mgeni. Je, aliyevaa vazi kwenye templeti ni mweupe?

Mwana_Kibokoni

Ni mpwa wangu, ndiyo, ni maji ya kunde kabisa. Kumbe!

FundiTaa

Basi ndiyo sababu. Kila atakayekaa kwenye ile stuli anavutwa kumfuata mpwa wako. Na hata ukitafuta mwanamitindo mweusi, utakuwa umegeuza tatizo tu, sasa weupe watalalamika wamefanywa weusi.

Ushauri wangu: msibadilishe sura kabisa. Tengenezeni templeti ya matabaka. Chini kabisa ni mandhari. Juu yake kichwa cha mgeni pamoja na shingo yake mwenyewe. Juu ya vyote ni vazi: joho, kola ya kanzu, kilemba, lililokatwa likabaki na uwazi pale penye uso. Mnajua zile mbao za ufukweni zenye tundu la kutumbukiza kichwa? Ni hiyo hiyo, ila kwenye kompyuta. Uso hauguswi, kwa hiyo haubadiliki rangi wala umbo, na mshono wote unafichwa na kitambaa.

Mavazi yenu yanawasaidia kuliko mnavyodhani. Kilemba kinafunika nywele na kipaji, mahali ambapo kukata picha ndiko kugumu zaidi. Ushungi wa bi arusi unafunika nywele, masikio na shingo. Kinachobaki kuonekana cha mpwa wako ni mikono tu.

kodi_na_chai

Sawa kwa ngozi, lakini bila kuukunja uso ufuate templeti, kichwa hakitakaa vizuri. Ndiyo maana watu hutumia zile pembetatu za Delaunay, uso unavutwa hadi alama zote zinakutana.

FundiTaa

Na ndipo anapozaliwa yule "binamu yangu". Ukiuvuta uso hadi kila alama ikutane na alama ya templeti, umempa mgeni taya la mtu mwingine. Macho ni yake, pua ni yake, lakini umbali kati yake si wake. Ndugu zake watamtambua kwa shida.

Mnahitaji vitu vitatu tu: kuzungusha, kukuza na kusogeza. Chukueni kona za macho pekee. Kidevu msikitumie, kinashuka mtu akicheka. Programu ya MediaPipe inatoa alama hizo na leseni yake inaruhusu biashara. Kona za macho ni namba 33, 133, 362 na 263. Kiini cha kazi ni mistari hii:

```python
M, _ = cv2.estimateAffinePartial2D(macho_mgeni, macho_templeti,
                                   ransacReprojThreshold=30)
kichwa = cv2.warpAffine(mgeni, M, (upana, urefu))
alfa = cv2.warpAffine(mask, M, (upana, urefu))[..., None]
picha = nyuma * (1 - alfa) + kichwa * alfa
picha = picha * (1 - vazi_alfa) + vazi * vazi_alfa
```

`mask` ni kichwa na shingo vilivyokatwa kutoka kwenye kitambaa cha nyuma, thamani 0 hadi 1. `vazi_alfa` ni hivyo hivyo kwa vazi, nayo iongezwe `[..., None]` kama `alfa`. Nyuma ya stuli tumieni kitambaa cha kijivu, si cha kijani. Kijani kinarudi kwenye mashavu na kwenye ushungi mweupe, na ukigeuza picha kuwa ya kahawia panabaki kivuli kichafu ambacho hutajua kimetoka wapi.

kodi_na_chai

Nimekuelewa mzee. Hiyo nitaiandika hata leo. Lakini mikono ya mpwa?

FundiTaa

Ifiche pale unapoweza. Joho lina nafasi, mkono mmoja uingie ndani. Bi arusi ashikilie ushungi kutoka ndani ya kitambaa. Bwana arusi anayeshika mpini wa jambia, huo mkono mmoja ukate uwe tabaka lake peke yake, halafu programu ipime wastani wa mwangaza wa shavu la mgeni na kuuvuta mkono ufuate. Kwa picha ya rangi ningekuambia ni kazi, kwa kuwa ngozi ina wekundu na umanjano wake. Kwa kahawia ni mwangaza tu, mnasalimika. Muhimu ni mwelekeo: mkono umfuate mgeni. Mgeni asifuate mkono kamwe.

BintiSaidi_Muscat

Salaam. Mimi niko Oman, ila kwetu ni Kuze. Nimefurahi kuona uzi huu. Marehemu babu yangu hakuwahi kupigwa picha na joho, na ninayo picha yake moja ya kipande. Nikija likizo naweza kuleta hiyo picha kibandani mkamvika? Mama yangu angelia kwa furaha.

Mwana_Kibokoni

Ewe binti wa Kuze, karibu. Mimi ningependa sana, ila sijui kama ni sawa. Wenzangu?

wakili_wa_Tudor

Dada Binti, samahani kwa kukukatisha tamaa, ila kibandani hapana. Kanuni ya kibanda iwe moja na isiwe na mlango wa pembeni: uso unaochapwa ni wa mtu aliyekaa kwenye stuli, anayeona kinachofanyika. Ukishakubali picha kutoka kwenye simu kwa sababu ya babu, anayefuata ataleta picha ya bosi wake, na wa tatu picha ya binti aliyemkataa, amvike ubibi arusi pembeni yake. Utatofautisha vipi kwenye foleni?

BintiSaidi_Muscat

Lakini babu ni wangu. Nani atalalamika?

wakili_wa_Tudor

Pengine ami yako ambaye hukumuuliza. Sikatai jambo lenyewe, nakataa mahali. Likae kwenye familia, fundi afanye kwa utulivu baada ya hafla.

FundiTaa

Na kiufundi nalo halitaki haraka. Picha ya kipande ina taa ya mbele kwa mbele, vazi la Bi Mwana litakuwa na taa ya pembeni. Babu atang'aa kama stempu. Binti, tuandikiane baadaye.

Mzee_wa_Ndia_Kuu

Nimesoma nikacheka kidogo, nisameheni. Mwanangu Mwana, maarusi mbele ya lango la Ngome mwaka 1900? Mwaka huo Ngome ilikuwa jela. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Mtu aliyesimama kwenye lango lile mwaka 1900 ama ni askari ama anampelekea nduguye chakula. Mkipenda Ngome, basi ifanyeni picha ya siku za leo. Mkitaka 1900, maarusi wakae ndani ya nyumba: mlango wa nakshi, kiti cha enzi, mkeka. Tena mtaepuka kutafuta mandhari, milango mnayo.

La pili, kanga. Nimeona mabango ya mambo kama haya, picha ya "zama za kale" na kanga ina jina lililoandikwa kwa herufi kubwa za Kirumi. Maandishi ya kanga yalikuja baadaye, karne ya 20 imeshaingia. Kwa 1900 mvisheni kitambaa kisicho na maneno.

Mwana_Kibokoni

Shikamoo mzee, na ahsante. La jela sikulijua, na naona aibu ya mtaa mzima ingetufika. Tunahamia ndani ya nyumba. Swali: baadhi ya wenzangu wanataka tutumie kadi za posta za zamani zenye picha za mabibi wa pwani, tutoe uso tuweke wa mgeni. Picha zile ni nzuri kuliko zetu.

Mzee_wa_Ndia_Kuu

Marahaba. Hizo waambie waziache. Wengi wa wale wanawake hawakuandikwa majina, kadi inasema "bibi wa Kiswahili" basi. Wengine hatujui kama walipigwa kwa hiari yao au kwa amri ya bwana aliyewamiliki, maana picha za pwani zilianza kabla utumwa haujakomeshwa. Kibanda chenu kinajisifu kwa ridhaa ya mgeni, halafu mnafuta uso wa mtu ambaye hakuulizwa lolote? Itazameni ile picha kwa makini mjue kiti kilikuwaje na ushungi ulikaaje, kisha mpigeni mpwa wenu.

kodi_na_chai

Mzee kwa heshima, hakimiliki ya hizo kadi si imeshakwisha? Zina zaidi ya miaka mia.

Mzee_wa_Ndia_Kuu

Sikuzungumzia hakimiliki.

wakili_wa_Tudor

Nirudi kwenye ridhaa ya waliopo. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na si ya kuwekwa kabatini. Septemba 2023 Kamishna wa Data alilitoza faini jumba moja la starehe la Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakukubali. Siku hizo hizo shule moja ilitozwa zaidi ya milioni 4.5 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Zile zilikuwa picha za kawaida tu, hazikuunganishwa na chochote.

Kwa hiyo tenganisheni ridhaa, msizifunge kwenye saini moja. Kukubali kupigwa na kuchapiwa ni jambo moja. Kukubali picha itumike kwenye ukurasa wenu ni jambo jingine, na anayekataa la pili apate karatasi yake vile vile bila kukunjiwa uso. Mtoto anakubaliwa na mzazi au mlezi aliyepo pale, si dada yake wa darasa la sita. Na bango lisomeke kabla mtu hajafika kwenye stuli, kwa Kiswahili cha kawaida: tunapiga nini, inakaa wapi, inafutwa lini.

Mwana_Kibokoni

Vijana wanataka nakala ya simu pia. Tulifikiria msimbo wa QR unaofungua picha mtandaoni.

kodi_na_chai

Hapo nina wazo na sidhani mtanipinga. Rauta ndogo isiyo na intaneti, imeunganishwa na leptopu. Mgeni anajiunga na Wi-Fi ya kibanda, anachanganua QR, anapakua picha yake, anaondoka. Hakuna kinachopanda mtandaoni. Jina la faili liwe refu la kubahatisha, si `picha045.jpg`, maana mtoto mtundu atabadilisha 045 kuwa 046 aone ya jirani. Usiku tukifunga, folda yote inafutwa.

FundiTaa

Sikupingi hata kidogo. Ongeza moja: picha ya asili ya uso ifutwe mara tu karatasi inapotoka na mgeni akairidhia, isingoje usiku. Kinachongoja usiku ni ile iliyokamilika tu. Na kadi ya kamera msiisahau! Watu husafisha leptopu wakaacha nyuso zote kwenye kadi, kisha kamera ya kukodi inarudi dukani nazo.

wakili_wa_Tudor

Hapo kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sina hakika nalo. Sheria inahesabu data ya kibayometria kuwa nyeti. Kupima kona za macho ili kichwa kikae sawa, bila kumtambua mtu na bila kuhifadhi vipimo, je, ni kibayometria? Ningejitetea kuwa siyo.

kodi_na_chai

Siyo. Ni namba nane tu, x na y za pointi nne, zinapotea programu ikishachora.

wakili_wa_Tudor

Namba zikitoka usoni kwa mtu, kuna wakili mwingine atakayesema ndiyo. Andikeni kwenye bango kwamba kompyuta inapima mahali pa macho na haihifadhi. Haiwagharimu kitu.

Mwana_Kibokoni

Naandika. FundiTaa, taa sasa. Tuna taa mbili za kukodi, na kijana mmoja anasema simu inatosha badala ya kamera.

FundiTaa

Simu iliyoletwa karibu ndiyo adui. Ukimpiga mtu kwa lenzi pana nusu mita kutoka usoni, pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Ukiuweka uso huo juu ya vazi lililopigwa kutoka mbali, mwili unasema jambo moja na uso jingine. Kamera ya kibanda ikae umbali ule ule mliompigia mpwa. Mita mbili ni sawa, lenzi ivutwe karibu, kimo cha macho. Bandikeni utepe sakafuni kwenye miguu ya stuli na ya stendi, maana hadi saa tatu usiku kila kitu kitakuwa kimesukumwa.

Taa kubwa yenye kitambaa cha kulainisha iwe upande mmoja, pembe kama ya 45, juu kidogo ya kichwa. Upande huo huo uwe umetumika kwenye templeti. Ile ya pili iweke mbali, dhaifu, upande wa kivuli. Jinsi ya kujua mmekosea: tazama kivuli cha pua na kivuli cha ukingo wa kilemba. Vikielekea pande mbili tofauti, hakuna programu itakayowaokoa, pigeni templeti upya. Na kwenye ukuta wekeni alama ya kutazama, ili kichwa kigeuke kama cha templeti. Shavu ambalo kamera haikuliona haliwezi kubuniwa.

Mwisho wa taa: wengine watawaambia muondoe rangi nyekundu yote ili picha ifanane na za sahani za kioo walizopigia picha zamani, ambazo hazikuuona wekundu. Kwa nguo fanyeni, kitambaa chekundu kiwe karibu cheusi, kinapendeza. Kwa ngozi acheni ubadilishaji wa kawaida. Sahani zile zilizifanya nyuso zetu nzito kuliko zilivyo, na mgeni hakulipia kasoro ya kemia.

Mwana_Kibokoni

Wageni wenye hijabu je? Wakivaa ushungi wa templeti juu ya hijabu yao?

FundiTaa

Uwazi wa ushungi wa templeti uwe mdogo kidogo kuliko ukingo wa hijabu ya kawaida, ndipo utaifunika yote. Asiambiwe kuvua wala kusogeza. Miwani ombeni kwa upole ivuliwe kwa sababu ya mng'ao, akikataa mpige nayo.

Mzee_wa_Ndia_Kuu

Na chini ya karatasi pana ukingo mweupe? Andikeni hapo "Picha ya kuunganishwa" na mwaka wa hafla. Baada ya miaka thelathini mjukuu ataiona akaamini bibi yake alikuwa na jambia.

Mwana_Kibokoni

Nimecheka mzee, lakini tutaandika. Basi mpwa anapigwa upya Jumamosi, kola imefungwa, mkono ndani ya joho, mlango wa nakshi nyuma. Kuna jambo moja limejitokeza tulipokata vazi kwa majaribio. Mjomba wangu ana ndevu za kufika kifuani. Tabaka la kola linapita juu ya ndevu zake, anaonekana kama amezimeza.

kodi_na_chai

Tukate ndevu kama tabaka la nne, zipite juu ya kola.

FundiTaa

Ukingo wa ndevu ni nywele moja moja, utakata vibaya mgeni akisubiri. Ningetengeneza templeti ya pili ya joho lililo wazi shingoni kwa wenye ndevu ndefu, mgeni aje na kanzu yake ionekane hapo.

kodi_na_chai

Na asiyevaa kanzu?

FundiTaa

Wekeni kanzu ya akiba, saizi kubwa, mlangoni.

kodi_na_chai

Bado nataka kujaribu tabaka la nne. Nitumieni picha ya mjomba, akikubali.

Mwana_Kibokoni

Nimemuuliza. Anasema kwanza aione karatasi ya mtu mwingine mwenye ndevu.